Njaa Isiyouma

Msomaji, ukikaa mbele ya kompyuta kucheza mmojawapo wa michezo iitwayo michezo ya kunusurika, utaona pembeni mwa kioo alama ndogo tatu au nne. Moja ni ya tumbo, nyingine ni tone la maji, nyingine ni ya kupimia joto. Kila moja ni chombo kinachovuja. Hakuna adui aliyekutokea, wala hujafanya kosa lolote, na bado alama hizo zinashuka. Zikifika chini kabisa mtu wako aliye ndani ya mchezo huanza kufa. Wapenzi wa michezo hii huisifu kwa maneno mawili. Husema, kwanza, kwamba vipimo hivyo hufanya mchezo ufanane na maisha; na pili, kwamba kadiri vinavyovuja upesi ndivyo mchezo unavyokuwa mgumu na bora. Maneno yote mawili nayapinga. Nathubutu kusema kwamba kipimo cha njaa hakipimi njaa hata kidogo, na kwamba upesi wa kuvuja kwake peke yake hauongezi kitu ila kero.

Sitasema hayo kwa michezo yote kwa jumla, maana ni mingi na haifanani. Nitauchukua mmoja, uliotungwa kwa uangalifu kuliko mingi niijuayo, ili asiwepo wa kuniambia kwamba nimechagua mnyonge wa kumpiga. Mchezo huo ni The Long Dark, kazi ya kampuni ya Hinterland Studio ya Kanada. Ulianza kuuzwa kabla haujakamilika mwaka 2014, ukatolewa rasmi mwaka 2017. Ndani yake wewe ni mtu mmoja aliyeachwa katika kisiwa cha kubuni cha kaskazini, chenye theluji, mbwa-mwitu na nyumba zilizohamwa. Hakuna wa kukuokoa. Hesabu yako ni ya siku ulizoishi, basi.

Mtu huyo ana kipimo kikuu kimoja, yaani hali ya mwili, ambacho huanza kwa 100. Kikifika sifuri amekufa. Chini ya kipimo hicho kikuu viko vidogo vinne: joto, uchovu, kiu na njaa. Ni muhimu uelewe uhusiano wao. Njaa yenyewe haiui. Njaa ikifika mwisho, ndipo hali ya mwili inapoanza kupungua, kiasi cha 1 hivi kwa kila saa ya mchezo. Kiu ikifika mwisho, hali hupungua kama mara mbili ya hapo. Bali baridi haina subira: kipimo cha joto kikimalizika, mtu mzima wa afya aweza kuwa maiti katika saa chache. Na saa ya mchezo si saa yetu, kwa kuwa siku nzima ya kule hupita katika saa mbili za saa yako ya ukutani.

Hapo ndipo penye siri ya kazi njema. Mchezaji hasongwi na ukubwa wa adhabu, bali husongwa na tofauti ya mwendo. Baridi inakimbia, kiu inatembea, njaa inatambaa. Kama zote zingekwenda kwa mwendo mmoja, ungezitimiza zote kwa zamu, kama mtu anywesheaye miche mitatu asubuhi, na usingekuwa na la kuamua. Lakini kwa kuwa zinapishana, kila saa unaulizwa ni deni lipi utalilipa leo na lipi utaliacha likue.

Tutazame asubuhi moja. Mtu wako ameamka katika kibanda kando ya ziwa lililoganda, katika sehemu ya ramani iitwayo Mystery Lake. Ana maji ya kunywa mara moja, hana chakula, na ana njiti chache za kiberiti. Katikati ya ziwa, mwendo wa dakika chache, amelala kulungu aliyeuawa na mbwa-mwitu. Nyama ile ingemlisha siku kadhaa. Je, aende?

Mtu asiyejua atatazama kipimo cha njaa, aone kimeshuka, atoke mbio. Ajuaye atatazama kwanza hewa. Mchezo huu hukuonyesha hesabu ya joto waziwazi: joto la hewa, likipunguzwa na upepo, likiongezwa na nguo. Tuseme hewa ni digrii 12 chini ya sifuri. Upepo, baada ya nguo kuuzuia kiasi, unatoa digrii 8 zaidi. Na nguo zenyewe zinarudisha 14. Kumi na mbili na nane ni ishirini. Toa kumi na nne, imebaki sita. Basi mwili unahisi digrii 6 chini ya sifuri. Kanuni ni kwamba jibu likiwa chini ya sifuri kipimo cha joto kinashuka, likiwa juu ya sifuri kinapanda. Kando ya kipimo huonekana mishale midogo, na wingi wa mishale hiyo hukuambia upesi wa kushuka. Mchezaji hodari huitazama mishale kuliko kipimo chenyewe, kwa sababu kipimo humwambia alipo, na mishale humwambia aendako.

Kumchuna kulungu na kukata nyama huchukua muda, pengine saa nzima au zaidi ya mchezo, na muda wote huo mtu amepiga magoti kwenye barafu akivuja joto. Anayo njia ya pili, nayo ni kuwasha moto pale pale kando ya mzoga. Tuseme moto unaongeza digrii 10: ile 6 ya chini inageuka kuwa 4 ya juu, mishale inageuka, na sasa anakata nyama huku akipata joto. Tena juu ya moto huo huo anaweza kuyeyusha theluji, akaichemsha ikawa maji salama, na nyama akaichoma. Moto mmoja umelipa madeni matatu. Lakini umekula kuni na njiti ya kiberiti, na upepo ukigeuka waweza kuuzima. Akiiacha njia hiyo na kuichukua nyama mbichi mkononi, harufu yake itawaita mbwa-mwitu. Akingoja upepo utulie, ataumaliza mchana, na maji yake ni ya kunywa mara moja tu.

Angalia, msomaji, jinsi swali la chakula lilivyogeuka kuwa swali la upepo, na la upepo likawa swali la kuni. Hivyo ndivyo vipimo vinavyomsonga mtu kwa haki. Kila kimoja peke yake ni dhaifu. Nguvu yao ni katika kugombania saa moja ya mchana na njiti moja ya kiberiti. Mbunifu aliyepanga hivyo amefanya kazi ya akili, na simnyimi sifa yake.

Sasa nije kwenye ugomvi wangu. Wachezaji, kama watu wengine wote, wakipewa kanuni huitafuta nyufa. Katika The Long Dark waliipata mapema. Walipiga hesabu hivi. Njaa iliyofika mwisho hupunguza hali ya mwili kwa 1 hivi kila saa. Mtu akikaa macho saa 14 bila chakula, atapoteza kama 14 katika mia. Mtu aliyelala hutumia kalori 75 kwa saa. Akila chakula cha kalori 750 jioni, kisha akalala saa 10, chakula kile kitamtosha mpaka alfajiri, maana mara 10 ya 75 ni 750 kamili. Na kwa kuwa wakati wa usingizi hana njaa, mwili wake unajitengeneza na kurudisha sehemu kubwa ya kile alichopoteza mchana, au chote, kwa kadiri ya ugumu wa mchezo aliouchagua. Asubuhi anaamka tumbo tupu, anaanza tena.

Mtu anayekula kila asikiapo njaa hupita kalori 2,000 kwa siku bila shida. Huyu wa hesabu anaishi kwa 750, yaani kama theluthi moja, naye anakata kuni, anapanda milima na kulenga shabaha kwa upinde. Vipimo vinalia mchana kutwa, wala yeye hajali. Wapo walioishi mamia ya siku kwa njia hiyo, chakula cha siku moja wakikigawa katika siku tatu.

Utetezi wa kwanza utakaoambiwa ni kwamba huo ni werevu, na werevu ni haki ya mchezaji. Nakubali kwamba mchezaji hana hatia. Lakini tazama werevu huo umefichua nini. Umefichua kwamba kile kipimo kilichochorwa tumbo kilikuwa daftari la deni lenye riba ndogo. Mkopaji aligundua kwamba riba ni nafuu kuliko mali, akaamua kutolipa. Njaa haikuwamo ndani ya kipimo hicho tangu mwanzo. Kilichokuwamo ni tarakimu moja inayopungua polepole na nyingine inayoirudisha upesi, na popote palipo na tarakimu mbili za namna hiyo patatokea mtu wa kuzipima mizani.

Hapa wale wanaopenda ukali watasema: basi, ongezeni riba! Njaa iue kwa saa tatu, na hila itakoma. Ndiyo itakoma, na mchezo utakoma pamoja nayo. Njaa ikikimbia sawa na baridi, ile tofauti ya mwendo niliyoieleza itapotea. Mtu atakuwa akila kila baada ya hatua chache, mkono ukienda mfukoni bila akili kwenda popote. Iko michezo mingi iliyokwama katika matope hayo. Ukitaka kuitambua, jiulize baada ya saa moja ya kucheza: je, kipimo hiki kimenifanya nibadili nia hata mara moja, au kimenifanya nibonyeze kitufe tu? Kama ni kitufe tu, kipimo hicho ni ushuru. Hata Minecraft, ambao najua wengi wenu mnaupenda, hauepuki shutuma hii. Njaa iliingizwa humo mwaka 2011, na katika usiku wa kwanza inasonga kweli, kwa sababu alama za chakula zikishuka hadi 6 kati ya 20 huwezi kukimbia tena. Lakini mpe mchezaji shamba la ngano na zizi la ng'ombe, na baada ya hapo njaa si kitu ila mkate wa kutafunwa njiani.

Watunzi wa The Long Dark hawakuongeza riba, na hapo walionyesha busara. Kwanza, waliwawekea waliojifungia ndani maradhi ya kuchoshwa na kuta, hata mtu akakosa usingizi chini ya paa. Baadaye wakaleta dawa ya njaa yenyewe, nayo haikuwa adhabu bali tuzo. Mtu akikaa siku tatu mfululizo bila njaa yake kufika mwisho, huandikiwa kwenye kioo maneno Well Fed, yaani ameshiba sawasawa. Tangu hapo anaweza kubeba kilo 5 zaidi ya mzigo wake wa kawaida wa kilo 30, na kilele cha hali ya mwili wake kinapanda kidogo. Tumbo likifika sifuri mara moja tu, tuzo limekwenda, na siku tatu zinahesabiwa upya.

Kilo tano si nyingi ukizitaja. Ila mtu aliyechoka kuacha nyama au kuni nyuma kwa sababu mzigo umejaa, anajua thamani yake. Sasa kuna cha kupoteza katika njaa ndogo, na si katika kifo peke yake. Mwenye hila aweza bado kuishi kwa kalori 750, lakini ataishi maskini wa mgongo. Hilo ni swali la kweli, na wachezaji wazuri wanalijibu kwa namna tofauti. Dawa imefaa.

Imefaa kwa mchezo, nasema. Haikuufanya mchezo ufanane na njaa, nami sasa nataka kuwageukia wale wa neno la kwanza, wanaosema kwamba vipimo hivi hufundisha maisha. Jambo hili halinichekeshi. Nimewasikia vijana wakisema kwamba wanajua njaa ni nini kwa kuwa wamekufa nayo mara kumi kwenye kompyuta. Na kauli kama hiyo katika nchi ambayo kaskazini yake ilikosa mvua misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa 2020 hadi mwanzo wa 2023, haistahili kuachwa ipite.

Tuweke hesabu ya mchezo kando ya hesabu ya mwili. Mwaka 1945, vita vya dunia vikikaribia mwisho, mtaalamu Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alitaka kujua namna ya kuwalisha upya watu waliokonda kwa njaa huko Ulaya. Vijana 36 wenye afya, waliokataa kushika silaha kwa dhamiri, walijitolea kukondeshwa chini ya uangalizi. Kwa muda wa wiki 24 walilishwa kalori zisizofika 1,600 kwa siku. Kumbuka, msomaji: ni mara mbili ya zile 750 zinazomtosha mtu wa kwenye kioo kupanda milima.

Vijana hao walipoteza kama robo ya uzito wao. Mapigo ya moyo yalipungua. Kupanda ngazi kuliwachosha. Walikasirishwa na vitu vidogo, wakajitenga, wakakosa hamu ya masomo na ya mazungumzo, na mawazo yao yote yakaingia katika chakula: baadhi yao walisoma vitabu vya mapishi kama wengine wasomavyo hadithi. Tena walisikia baridi. Katikati ya majira ya joto walitaka mablanketi, kwa sababu mwili usio na chakula hauna cha kuchoma. Na walipolishwa upya hawakupona kwa mlo mmoja wala kwa usingizi wa saa 10. Ilichukua miezi, na wengine walikula chakula kingi mno na bado wakasema wana njaa.

Pima hilo na zile alama za pembeni. Katika mchezo, tumbo na joto ni vyombo viwili vilivyowekwa mbalimbali. Tumbo laweza kuwa tupu na joto likajaa. Katika mwili ni chombo kimoja. Katika mchezo, njaa hula kwanza tarakimu ya mwisho, yaani uhai. Akili ya mchezaji haiguswi, kwa sababu ameketi nyumbani kwake naye pengine amekula ugali sasa hivi. Katika mwili, njaa hula kwanza uwezo wa kuamua vizuri, na uamuzi mzuri ndicho kitu chenyewe ambacho mchezo wote umejengwa juu yake. Mtu mwenye njaa ya kweli asingeweza kuucheza mchezo wa njaa.

Kuna madhara mengine yaliyofichika zaidi. Katika The Long Dark, chakula hakina bei wala mwenyewe. Kilichomo kabatini ni chako ukikifikia. Kwa hiyo kila anayekufa njaa humo amekufa kwa kosa la hesabu yake: alichelewa, alipotea, alikula mapema. Mtu akizoea daftari la namna hiyo kwa mamia ya saa, huenda akaanza kumtazama mwenye njaa wa kweli kwa jicho lile lile, na kumwuliza alikosea wapi. Mfugaji ambaye kisima chake kimekauka na mifugo yake imekufa hakukosea hesabu. Hakuna upande wa ramani ambako angetembea akakuta kabati.

Wala sisemi michezo hii itupwe. Nasema tuiite kwa jina lake. Ni michezo ya deni na wakati, na ikikubali kuwa hivyo inaweza kuwa hodari sana. Mwaka 2021 kampuni ya Iron Gate ya Uswidi ilianza kuuza mchezo uitwao Valheim, ambao ndani yake mtu hafi njaa kamwe. Asipokula kitu, hubaki na uhai mdogo wa 25 tu. Akila, uhai na pumzi zake hukua. Naye aweza kushikilia vyakula vitatu vya namna mbalimbali kwa wakati mmoja, kila kimoja kikififia kwa muda wake. Wapenda ukali waliambiwa hayo wakacheka, wakasema mchezo wa kunusurika usio na kifo cha njaa ni kisu kisicho na makali. Lakini mpeleke mtu huyo wa uhai 25 katika msitu mweusi kulipo na majitu ya miti, halafu uone kama hatarudi mbio kwenye chungu chake. Hakuna aliyemtishia kwa kipimo kinachovuja. Alipika kwa sababu alikuwa na safari mbele yake, na aliketi kuchagua vyakula vitatu kwa kuifikiria safari hiyo: kama atapigana au atakimbia, kama atarudi jioni au atalala njiani.